Unga Haukunjwi

Mwaka 1988 nilikuwa darasa la nane katika shule moja ya msingi kisiwani Mombasa. Wiki mbili kabla ya siku ya wazazi, mwalimu wetu wa sayansi kimu alinikabidhi karatasi tatu kubwa za manila na kalamu ya wino mzito. Nilitakiwa niyaandike kwa Kiswahili mapishi matatu tuliyokuwa tumeyanakili ubaoni kwa Kiingereza, ili akina mama watakaokuja wayasome wakiwa wamesimama mbele ya meza zetu. Mwalimu alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye kuipenda kazi yake. Aliniambia, "Wewe umezaliwa Mji wa Kale. Kiswahili ni chenu. Hii haitakushinda."

Ikanishinda usiku uleule. Majina ya vitu hayakunisumbua: unga, sukari, mayai, iliki, nyanya, vyote nilivijua tangu nilipokuwa natumwa dukani na sarafu mkononi. Vilivyonikwamisha ni vitendo. Kulikuwa na vinne ambavyo kila nilipovifikia kalamu ilisimama, na sisi tulivitamka sima, foldi, nidi na blanchi. Kile cha kwanza kilinitia taabuni hata kabla sijakitafsiri, kwa sababu kwetu Mombasa sima ni ugali. Kwa haraka ya darasani nilikuwa nimeandika daftarini, "mchuzi, sima dakika kumi." Mama alipoyasoma akaniuliza kama mchuzi huo unaliwa kwa sima tu au hata wali unafaa.

Kesho yake nilikwenda kwa Bibi, Kibokoni. Nyumba yake ilikuwa ya kale, na nyuma yake kulikuwa na ua mdogo ulioezekwa nusu, ndipo alipopikia. Alikuwa na majiko mawili ya makaa, kinu na mchi wake, mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa imeng'aa kwa kukaliwa, na kifumbu cha ukindu kilichoning'inia ukutani kikisubiri tui. Mwiko wake ulikuwa umelika upande mmoja, kwa sababu miaka yote aliuegemeza palepale kwenye ukuta wa sufuria. Bibi hakujua Kiingereza. Kusoma, alisoma Kiarabu cha msahafu na Kiswahili kwa hati zote mbili. Nilimwambia nataka maneno manne ya jikoni. Akaniambia, "Maneno hayakai peke yake, mwanangu. Ndoo tupike, utayaona."

Siku hiyo alikuwa na mchuzi wa nguru. Nazi zilikuwa mbili. Nilizikuna mimi, yeye akatia maji ya uvuguvugu kwenye nazi iliyokunwa, akakamua, akachuja kwa kifumbu, na lile tui zito la kwanza akaliweka kando kwenye bakuli. Machicha yaliyobaki akayatia maji tena, akakamua mara ya pili na ya tatu, akapata tui jepesi. Samaki alianza kuiva kwenye jepesi, pamoja na kitunguu, nyanya, manjano na pilipili mbichi nzima. Zito lilingoja mpaka mwisho. Nilikuwa nimeliona jambo hili mara mia, na sikuwahi kujiuliza kwa nini halitiwi lote pamoja tangu mwanzo.

Alipomimina tui zito aliinama kwanza kwenye jiko, sio kwenye sufuria. Alichukua koleo akavuta makaa matatu manne akayaweka pembeni, ndipo akamwaga tui, ndipo akaanza kukoroga. Hakuacha kukoroga. Kila mara alichota kwa upawa akainua juu, akamwaga tena palepale. Nikamuuliza sasa hivi anafanya nini. "Nalingoja litokote," akasema. "Likitokota halikatiki. Likichemka kwa nguvu litakatika."

Hapo nilisimama, maana kwangu mimi kuchemka na kutokota kulikuwa kitu kimoja. Nikamuuliza tofauti. Akaniambia niangalie pale ukutani mwa sufuria. Kipovu kimoja kilipanda, kikapasuka. Baada ya kitambo kikapanda kingine, upande wa pili. Katikati tui lilikuwa likitikisika tu, kama mtu anayepumua usingizini. Hiyo, kwa Bibi, ndiyo kutokota. Maji ya chai yalichemka, nayo yalikuwa na kelele na mvuke na kifuniko kinachogonga. Chakula kizito, mchuzi, maharagwe, kunde, hicho kilitokota. Sidai kwamba kila nyumba ya pwani ilitenganisha maneno hayo mawili hivyo. Wapo wanaoyatumia kwa kubadilishana. Lakini nyumbani kwa Bibi mpaka ulikuwa wazi, na ukiambiwa "iwache itokote" ukaikuta inachemka, ulikuwa umeharibu.

Mwalimu alikuwa ametufundisha kitu hichohicho kwa kipimajoto. Maji yanayochemka usawa wa bahari ni nyuzi 100, na kile tulichokiita sima ni kati ya nyuzi 85 na 95 hivi. Tui la nazi ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji kwa matone madogo sana, na yanashikwa yasikutane na protini ya nazi yenyewe. Moto ukizidi, protini hiyo hugandamana, matone ya mafuta hukosa wa kuyashika, yakakutana, yakapanda juu. Ndio kukatika. Unalijua tui lililokatika kwa macho: juu macho ya mafuta ya manjano, chini chembe nyeupe kama maziwa yaliyoharibika. Ndimu na ukwaju hulisaidia kukatika haraka zaidi, ndiyo maana Bibi alitia ukwaju wake mapema kwenye tui jepesi, ambalo halina mafuta mengi ya kupoteza, na sio kwenye zito. Alilijua lote hili bila nyuzi hata moja, kwa vipovu na kwa sauti. "Tui halitaki kelele," alisema.

Nilichojifunza siku ile, na sijakisahau, ni kwamba mapishi ya Kiingereza yalikuwa yakiuzungumzia mchuzi, na Bibi alikuwa akiyazungumzia makaa. Kitabu cha mapishi hayo kinadhani una kitasa cha jiko cha kugeuza, kwa hiyo kinakwambia chakula kiwe katika hali gani, basi. Mwenye makaa hana kitasa. Ana vitendo: kuchochea, kuvuta, kutawanya, kupalia. Hata kuweka sufuria motoni na kuiondoa kuna maneno yake, kuteleka na kuepua, ambayo kwenye karatasi ya Kiingereza hayakuwapo kabisa. Kitabu kilianza chungu kikiwa tayari motoni na kikamaliza kabla hakijatoka. Kwa hiyo kwenye manila niliandika, "Vuta makaa, tia tui zito, koroga mpaka litokote, kipovu kimoja kimoja, kisha epua." Mwalimu akasema agizo hilo ni refu mara tatu kuliko la ubaoni. Akalisoma tena, akaliacha kama lilivyo. Baadaye alinisimulia jambo ambalo sikulitarajia: alipokuwa akisomea ualimu Nairobi, kwa sababu mji ule uko juu sana, karibu mita 1,700, maji yalichemka kwenye nyuzi 94 au hapo karibu, na maharagwe yalichukua muda mrefu zaidi kuliko aliyokuja kuyapika Mombasa. Akasema pengine kipovu ni kipimo kizuri kuliko namba.

Neno la pili ndilo lililoniumiza kichwa, na ndilo lililonifanya niandike haya leo.

Nilikuwa nimekwenda na kamusi ya kuazima. Kwenye foldi kamusi ilisema kunja, na haikukosea: leso hukunjwa, barua hukunjwa, mkeka hukunjwa. Tatizo ni kwamba mapishi ya keki ya sponji yalisema unga ukunjwe ndani ya mayai. Darasani, siku ya mazoezi, mwalimu mwenyewe alikuwa amelisema hivyo kwa Kiswahili, kunja, na wasichana watano wa meza yetu tukatazamana. Mmoja wetu aliukunja unga kweli, pamoja na karatasi uliyomwagiwa, akausukumia bakulini kama barua. Mwingine akaona huu upuuzi, akachukua mwiko akakoroga kwa nguvu zake zote. Keki yetu ilitoka jikoni ikiwa na unene wa vidole viwili, juu imekauka, chini ina tabaka linaloteleza kama mpira. Mwalimu aliigusa akasema kwa masikitiko, "Mmeua hewa." Hatukumwelewa. Hatukujua kulikuwa na hewa ya kuuawa.

Nilipomsimulia Bibi, aliniuliza, "Hiyo keki ina hamira?" Nikamwambia haina. "Ina samli ndani?" Haina. Mayai sita, sukari kikombe kimoja, unga kikombe kimoja, basi. Akacheka kwa furaha. "Basi huo ni mkate wa mayai!"

Na kweli ulikuwa ni mkate wa mayai. Labda umeula kwenye harusi au Idi, ule wa manjano, mwepesi, wenye harufu ya iliki na zabibu zilizozama kidogo juu. Nilikuwa nimeula maisha yangu yote. Kwa sababu kimoja kilikuwa na jina la Kiingereza na kingine kilikuwa na jina la kwetu, sikuwahi kuviweka mezani pamoja nikaona kwamba ni kitu kimoja, vipimo vilevile, na hila ileile.

Tulianza kazi baada ya alasiri. Mayai na sukari vilipigwa kwanza, na hapa hakukuwa na ubishi wa maneno, kwa Kiswahili mayai hupigwa. Tulipokezana, yeye na mimi na binti wa jirani, kwa waya wa kupigia mayai, kwa zaidi ya dakika 20. Manjano yalipauka, yakawa rangi ya krimu, ujazo ukapanda zaidi ya mara mbili. Bibi aliinua waya, uzi mzito ukadondoka juu ya bakuli, ukakaa juu kwa kitambo kama mshono kabla ya kuzama. "Ukizama papo hapo, bado," alisema. "Ukikaa ukahesabu mpaka tatu, tayari."

Kinachotokea bakulini ni kwamba protini za yai zimezunguka maelfu ya vipovu vya hewa, vidogo kiasi kwamba huvioni. Hewa hiyo ndiyo hamira ya mkate huu. Ikipata joto itatanuka na kuuinua mkate, na yai litaiva likiwa limeishika. Hakuna kitu kingine cha kuuinua. Sasa unatakiwa kuingiza unga, ulio mkavu na mzito, bila kuvipasua vipovu hivyo. Na kuna hatari ya pili: unga wa ngano ukilowa na ukasukumwasukumwa hufanya nyuzi zinazovutika, zilezile zinazotakiwa kwenye chapati, na ambazo kwenye mkate wa mayai huleta ule mpira tuliouona darasani. Kwa hiyo mkono unatakiwa ufanye kazi kidogo iwezekanavyo, na bado unga wote ulowe.

Bibi aliuchekecha unga na iliki juu ya mayai, theluthi moja tu. Akaweka waya chini. Akakunja mkono wa nguo, akaosha mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, na akauingiza mkono mtupu bakulini, vidole vimeachana kidogo. Mkono ulishuka ukingoni mpaka chini kabisa, ukapita sakafu ya bakuli, ukapanda upande wa pili ukiwa umebeba mayai ya chini, ukayalaza juu ya unga. Mkono wa kushoto ukazungusha bakuli robo. Tena. Ukingoni, chini, juu, robo. Hakuharakisha wala hakuvuta. Baada ya mizunguko saba au minane unga haukuonekana, akachekecha theluthi ya pili.

"Hapo unafanyaje, Bibi?"

"Napindua."

"Sio unakoroga?"

"Koroga ni ya uji, mwanangu. Huu ukiukoroga utalala."

Pindua. Neno ambalo nilikuwa nalisikia kila asubuhi kwa chapati kwenye chuma na kila jioni kwa samaki kwenye kikaango. Cha chini kije juu. Neno la Kiingereza linaona kitu bapa kinacholazwa juu ya kingine, kama nguo, ndiyo maana wao wakaazima kutoka kwenye nguo. Bibi aliona chini na juu vikibadilishana mahali. Kitendo cha mkono ni hichohicho, ila kila lugha imekitazama kutoka upande wake, na ukimtafsiria mtu ule upande asiousimamia, mkono wake hautajua uende wapi. Sisi wasichana watano tulikuwa na mikono iliyojua kupindua tangu utotoni. Tuliambiwa tukunje, tukawa kama hatujawahi kuingia jikoni.

Kuna makosa mawili hapa na yote mawili yanaonekana kabla ya moto. Ukipindua kupita kiasi, mchanganyiko hushuka bakulini, huwa maji maji, na unaona vipovu vikubwa vikija juu na kupasuka. Ukipindua kidogo mno, kunabaki vidonge vya unga mkavu ambavyo vitazama na kuonekana kama madoa meupe chini ya mkate. Bibi alikuwa mkali zaidi kwa kosa la kwanza. Alisema kidonge kimoja cha unga hakijamuua mtu, lakini mkate uliolala hauamshwi.

Tulimimina kwenye sufuria iliyopakwa samli, zabibu zikatupwa juu, kifuniko kikawekwa, na hapo makaa yakapaliwa: machache sana chini, mengi juu ya kifuniko. Hilo nalo ni neno ambalo kitabu chetu hakikulihitaji, kwa sababu kilikuwa na tanuri ya umeme. Moto wa juu ukiwa mwingi kuliko wa chini, mkate huinuka kabla chini hakujakauka. Baada ya nusu saa hivi Bibi alichoma kijiti katikati, kikatoka kikavu, akaepua. Ulikuwa na kimo cha kiganja changu.

Nidi haikunichukua muda. Ni kanda, na kila aliyewahi kupika mahamri anaijua: unga, sukari, iliki, hamira na tui, unaukanda kwa kisigino cha kiganja mpaka uache kunata mkononi na ukiubonyeza urudi. Kisha unauacha uumuke. Lakini nilipolisema neno hilo Bibi akanikumbusha kwamba alikandwa yeye mwenyewe baada ya kila uzazi, kwa maji ya moto, na mkunga aliyejua kazi, na kwamba ni mkono uleule: unabonyeza kwa uzito wa mwili, unaachia, unahama. Hivyo ndivyo alivyonifundisha kukanda unga, kwa bega na sio kwa vidole. Na akanionya nisije nikaiandika sima kwa neno hilo. Sima husongwa. Mwiko unaisukuma dhidi ya ukuta wa sufuria, unaigeuza, unaisukuma tena, juu ya moto, mpaka iachane na sufuria. Baada ya hapo nilitafuta neno la Kiingereza la kusonga katika daftari langu lote la sayansi kimu, nikakuta kila mahali wameandika lile la kukoroga. Msichana wa Kizungu akiambiwa akoroge sima, atapata vidonge.

Blanchi ilibaki ya mwisho, nami nilidhani haina mwenzake kabisa. Mwalimu alikuwa ameieleza kama kuchemsha nusu, lakini si hivyo. Mboga inaingizwa kwenye maji yanayochemka kwa nguvu, kwa muda mfupi, sekunde 30 kwa nyanya, dakika mbili tatu kwa maharagwe machanga ya kijani, kisha inatolewa na kutiwa papo hapo kwenye maji baridi sana. Nyanya hulegea ngozi. Maharagwe hubaki na kijani chake, kwa sababu joto limeua vile vimeng'enya vinavyoifubaza mboga inapokaa, na maji baridi yamezuia isiendelee kuiva. Ukisahau maji baridi, mboga inaendelea kujipika yenyewe kwenye bakuli, na kijani kinageuka rangi ya zeituni.

Nilimtajia Bibi kutokosa. Akakataa, mihogo hutokoswa mpaka ikaiva. Nikamtajia kupwaza. Akakataa tena, ndizi za kupwaza ni chakula kilicho tayari. Nikamtajia mnavu, ambao tuliuchemsha na kumwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu. Hapo alifikiri kidogo, akasema hapana, mnavu tunatafuta kuutoa uchungu, na mtu huyu wako anatafuta ngozi. Kisha akauliza, "Kuku unamnyonyoaje?"

Kuku aliyechinjwa huchovywa kwenye maji ya moto ili manyoya yalegee. Bibi hakutumia maji yanayochemka. Aliyaepua, akayazimua kwa kata moja ya maji baridi, akamshika kuku miguu akamzamisha, akahesabu, akamtoa, akavuta nyoya moja la bawa. Likitoka bila kushindana, basi. Asipoyazimua maji, ngozi ya kuku huchanika pamoja na manyoya. Lozi za Idi alizifanyia vivyo hivyo: maji ya moto yakamiminwa juu, zikafunikwa kidogo, yakamwagwa, na kila lozi ikiminywa kati ya vidole viwili iliruka kutoka kwenye ganda lake jembamba. Kwa hiyo kazi tulikuwa nayo siku zote. Hatukuwa nayo kwa mboga, kwa sababu mboga zetu zilitoka Marikiti asubuhi zikaliwa mchana, na hakuna aliyehitaji kuzihifadhia kijani chake.

Niliandika, "Chovya katika maji yanayochemka, hesabu mpaka 30, toa, zimua kwa maji baridi." Zimua kwa desturi ni kwa maji yenyewe, kuyapunguzia ukali wa joto, na hapa nililipeleka kwa nyanya. Bibi aliliridhia. Alisema nyanya ikitoka motoni ina ukali, na ukali huzimuliwa.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi. Akina mama walisimama mbele ya karatasi zangu za manila wakasoma. Wengi walipita mchuzi bila kusimama, wakaduru kwenye meza ya keki. Mama mmoja mwenye buibui alisoma kwa sauti mpaka mwisho, "pindua kutoka chini kwenda juu, zungusha bakuli robo, usikoroge," akamgeukia mwenziwe akasema, "Lo, kumbe keki yao ni mkate wa mayai." Mwalimu wangu alikuwa nyuma yake. Jumatatu yake alifuta kunja kwenye daftari lake la masomo kwa kalamu nyekundu, akaniuliza kama pindua inaandikwa hivyohivyo inavyotamkwa.

Mwaka huu nilinunua pakiti ya unga wa keki wenye maelezo kwa lugha mbili. Hatua ya nne ya Kiswahili inasema, "Kunja unga taratibu kwenye mayai." Kuna msichana mahali fulani atakayeisoma akiwa na bakuli mkononi, na mkono wake unaijua kazi hiyo vizuri. Nawaomba wanaotafsiri mapishi: kunja iachieni leso. Unga wa mkate wa mayai hupinduliwa.